Kurasa Saba za Jotham

Katika Bungoma nzima, kuanzia stesheni ya reli mpaka kule Kanduyi, hakuna barua ya kuomba kazi iliyotoka kwenye taipureta yangu ikakosa kuleta kazi. Nimewaandikia wapishi, makarani, madereva, na mzee mmoja aliyetaka kulinda ghala usiku ingawa jua likizama tu yeye huanza kukoroma. Wote waliitwa. Maneno hayo niliyasema kwa sauti ya kusikika barabarani, asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na nane, nimekaa kwenye baraza ya Hamdun fundi cherehani, ambaye hunipa kona yake ili nami nimchekeshee wateja wakingoja suruali.

Kabla sijafunga mdomo, Jotham Wepukhulu akatokea na bahasha mkononi.

"Imerudi," akasema.

Hamdun alisimamisha cherehani. "Ile ya Mukhisa?"

"Ile ya Mukhisa."

Mukhisa ni mimi. Jotham ni bakoki wangu, tulitahiriwa mwaka mmoja, na kwetu mtu wa namna hiyo humwachi njiani hata akikuaibisha mbele ya fundi cherehani. Shuleni tulikaa dawati moja. Baada ya sekondari yeye akaenda Makerere kusomea kilimo, mimi nikaishia hapo hapo. Si kwamba akili ilikosekana, ilikuwa na shughuli nyingine. Alipopata diploma yake akabaki kumsaidia mwalimu mmoja wa pale katika utafiti wa kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi. Kisha mwalimu akarudi kwao Uingereza, pesa za utafiti zikaisha, na Jotham akarudi nyumbani na sanduku la vitabu.

Tangu hapo hakai kitini. Ukimpa chai anaizunguka. Baba yake, mhubiri mwenye subira fupi, alikuwa amemtafutia kazi ya kukusanya ushuru wa soko la Chwele, aanze mwezi ukiisha. Ni kazi halali. Lakini Jotham alijua kwamba mtu akishaanza kuhesabu kuku wa watu lango la sokoni, hakuna atakayemwita tena kwenye maabara.

Barua iliyorudi ilikuwa ya kampuni moja ya majani chai. Nilikuwa nimempigia taipu kurasa zake saba zote, safi, bila kosa hata moja. Jibu lilikuwa mistari miwili: tumefurahi kusoma habari za elimu yako, lakini tunatafuta mtu wa kufanya kazi ya maabara, na hatukuona mahali uliposema kwamba unaijua.

"Wamesoma vibaya hao," nikasema.

"Wamesoma vizuri," akasema Jotham. "Na hii hapa nyingine." Akanipa kipande cha gazeti.

Kampuni ya Harker na Pell, watengenezaji wa dawa za kuua wadudu wa mimea, Kitale, walitaka msaidizi wa utafiti. Apange vishamba vya majaribio, apime na kuchanganya dawa, atunze mizani na vyombo, aongoze vibarua, aandike kumbukumbu kila siku, atoe ripoti fupi kila mwezi itakayoeleweka kwa watu wa mauzo. Mwenye kuweza kuendesha pikipiki atafikiriwa kwanza. Maombi yasizidi kurasa mbili.

"Mbili," akasema Jotham, kama mtu aliyeambiwa aache miguu yake nyumbani.

Nilitandaza zile saba juu ya meza ya kukatia nguo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa shule na vyeti, kuanzia darasa la kwanza. Wa pili, tuzo, pamoja na ile ya kuimba. Wa tatu na wa nne zilieleza utafiti wenyewe, nadharia yake na nani alisema nini juu ya kiwavi huyo kule Afrika Kusini. Wa tano, makala mbili, ambamo jina la Jotham lilikuwa la mwisho. Wa sita, mikutano ya wasomi ambamo alisoma mada. Wa saba, wasomi watatu wa kuulizwa habari zake, wawili kati yao wako ng'ambo.

"Sasa mimi ni Harker," nikamwambia. "Nina mahindi yanaliwa. Wewe umekuja na kitabu. Nitampiga nacho kiwavi?"

Hamdun akacheka peke yake. Jotham alikuwa anatembea kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani na kurudi.

"Hivyo ndivyo wasifu unavyoandikwa, bana. Chuoni wanataka kila kitu. Ukiacha mkutano mmoja, wanadhani hukuenda."

"Chuoni wanauliza wewe ni nani. Hawa wanauliza utawafanyia nini. Kaa chini. Ulifanya nini kwa mikono?"

"Sikai. Nilichunguza uhusiano kati ya wakati wa kupanda na wingi wa—"

"Kwa mikono, Jotham."

Akasimama, akaitazama mikono yake. Taratibu yakaanza kutoka. Kwamba alipima ardhi kwa kamba na vigingi, akagawa vishamba, akapiga kura ni kipi kipate dawa gani ili asipendelee udongo mzuri. Kwamba kila wiki alipasua mabua na kuhesabu viwavi. Kwamba mizani ya maabara ilimtegemea yeye, na ilipoharibika aliitengeneza kwa sababu fundi alikuwa Nairobi. Kwamba aliwafundisha vibarua ambao hawakujua kusoma, akawawekea vitambaa vya rangi kwenye vigingi ili wasichanganye. Hayo yote hayakuwa mahali popote katika kurasa saba.

"Na shambani ulifikaje?"

"Kwa pikipiki ya mwalimu. Miaka miwili."

"Leseni?"

"Ninayo. Lakini pikipiki si elimu."

"Hamdun, umemsikia? Ameficha pikipiki ndani ya sanduku la vitabu."

Basi tukaanza kukata. Nilichukua tangazo, nikaliweka upande wa kushoto wa taipureta, na kila walichotaka tukakitafutia kitu alichokifanya kweli, tukakiweka juu, kwa maneno yale yale ya tangazo. Jina na anwani. Chini yake mistari mitatu ya kusema ni mtu wa kazi gani. Kisha kazi, ile ya karibuni kwanza. Kisha vyombo anavyovijua, lugha, leseni. Elimu ikashuka mpaka ukurasa wa pili, mistari minne. Nadharia ikaondoka yote. Makala zikawa mstari mmoja: ameshiriki kuandika makala mbili, orodha itatolewa ikitakiwa. Jotham alipoona mikutano yake ya wasomi inafutwa, alienda nje akasimama uani kidogo, akarudi.

"Ile ya kuimba iache basi," akasema.

"Watu wa mauzo wataimbiwa nini?"

Ikaenda nayo. Mpaka hapo nilifanya kazi nzuri, na sitaki mtu aje aseme vingine.

Tatizo lilikuwa Chwele. Mwalimu wa Makerere alikuwa amemtuma Jotham afanyie majaribio huku kwetu, vishamba arobaini na nane, kwenye shamba la mama mmoja anayeitwa Dinah, ng'ambo kidogo ya soko. Katika kurasa zile saba, chini kabisa ya ukurasa wa nne, Jotham alikuwa ameandika kwamba vishamba sita vilikanyagwa mwezi wa Agosti mwaka wa hamsini na sita, navyo havikuingizwa katika hesabu.

"Huo mstari uende juu," akasema. "Lazima wajue hesabu ilitoka kwenye arobaini na mbili."

"Nani anatangaza hasara sokoni? Ukiuza ng'ombe utaanza kusema pembe moja imevunjika?"

"Hii si ng'ombe. Ni hesabu."

"Kurasa mbili zimejaa, nafasi imeisha."

Mvua ilikuwa inakuja, posta inakaribia kufungwa, na Jotham hakuweza kutulia mahali pamoja hata kwa kuuma kucha. Nikapiga taipu mbio. Pale palipokuwa na hasara nikaandika: *Alisimamia vishamba arobaini na nane mpaka mavuno, bila kupoteza hata kimoja.* Mstari ulijaa vizuri, kwa herufi zilizonyooka. Jotham akatia sahihi amesimama, akiniuliza kama yote yako sawa, nami nikasema yako sawa, na akakimbia.

Barua ya kumwita ilifika wiki iliyofuata. Niliisoma mbele ya wateja wote wa Hamdun, mara mbili.

Nilimsindikiza Kitale mwenyewe. Kampuni ilikuwa nyuma ya stesheni, jengo refu la mabati, na harufu ya dawa ilikuingia puani kabla hujaona lango. Waliomba Jotham aingie chumba cha mizani. Mimi niliambiwa ningoje nje, nami nikangojea chini ya dirisha, juu ya magunia, mahali panaposikika.

Ndani walikuwa wawili. Bwana Pell mwenyewe, mzungu mwembamba mwenye kikohozi, na msaidizi wake mkuu, Cherop, Msabaot wa kutoka mlima Elgon, mtu mzima mwenye sauti ya chini, ambaye vishamba vyote vya kampuni vilikuwa mikononi mwake. Cherop ndiye aliyeuliza mengi.

Alimpa unga wa dawa na kumwambia apime kiasi fulani. Nilichungulia. Jotham hakugusa unga kwanza. Aliinama akatazama kiputo cha pimamaji kwenye mizani, akaona meza imeinama, akazungusha skrubu za miguu mpaka mizani ikalala sawa, akairudisha kwenye sifuri, ndipo akapima. Cherop alimtazama Bwana Pell, na Bwana Pell akasahau kukohoa. Mimi kwenye magunia nilishaanza kuwaza nitawatoza watu kiasi gani kwa barua za maabara.

"Mikono yako inajua," akasema Cherop. Kisha karatasi ikasikika ikifunuliwa. "Hapa umesema vishamba arobaini na nane, Chwele, mwaka wa hamsini na sita. Mpaka mavuno. Hata kimoja hakikupotea."

Jotham akainamia karatasi.

"Mimi ni jirani yenu," Cherop akaendelea. "Mwaka wa namba shufwa, Agosti, Wabukusu mnatahiri. Vijana wanazunguka na njuga kualika wajomba, nyuma yao kijiji kizima kinaimba, na hakuna anayefuata njia. Mimi mwenyewe nilipoteza ekari nzima ya majaribio kule Kamukuywa mwaka huo. Nikaapa sitapanda tena karibu na njia ya ngoma. Sasa nieleze, ndugu yangu. Wewe uliwazuiaje?"

Magunia yakawa na joto ghafla. Mtu wa Nairobi asingeuliza swali hilo hata akipewa miaka kumi. Nilitaka Jotham aseme kulikuwa na ua wa miiba. Nilitaka aseme mahindi yalikuwa mafupi. Nilinong'ona kabisa, "Ua, sema ua," na kibarua aliyepita na toroli akanitazama kama mgonjwa.

"Sikuwazuia," akasema Jotham. "Walipita. Vishamba sita vilikanyagwa. Niliviondoa kwenye hesabu, nikaandika sababu siku hiyo hiyo. Ripoti ilikuwa ya arobaini na mbili."

Bwana Pell akauliza kwa Kiingereza kama maana yake ni kwamba karatasi hii si ya kweli.

"Mstari huo si wa kweli, bwana."

"Nani aliuandika?"

Nilifumba macho.

"Sahihi ni yangu," akasema Jotham. "Nilipaswa kuusoma."

Waliongea wenyewe kwa muda, chini kwa chini, nami sikushika neno. Mwishowe Cherop akasema hivi: yeye angekwenda soko la Chwele Jumamosi kununua mahindi ya kujaribia dawa ya fukusi wa ghalani. Jotham amletee huko karatasi nyingine iliyo sawa. Na ampeleke kwa mwenye shamba, ili yeye Cherop amuulize mwenyewe. Kama habari zitalingana, yeye ana neno lake la kusema. Kama hazitalingana, wasisumbuane tena.

Jotham alitoka, akanipita pale kwenye magunia, akaendelea kutembea mpaka barabarani. Nilimkuta kwenye kona.

"Mstari mmoja tu," nikasema.

"Mstari mmoja, Mukhisa. Jumatatu ijayo nitakuwa langoni Chwele nikihesabu kuku. Nitakutoza wewe ushuru wa kwanza."

Alisema kwa utulivu, na hilo ndilo lililonisumbua. Mtu aliyezoea kuzunguka chai akitulia, ujue kuna kitu kimezimika.

Safari hii tulipokaa kwa Hamdun, Jotham alisimama nyuma yangu, kidevu juu ya bega langu, akisoma kila herufi ikigonga. *Alisimamia* ikafutwa, kwa sababu msimamizi alikuwa mwalimu. Ikawa *alipanga, akapima, akatunza kumbukumbu, chini ya mwalimu fulani*. Nilipoandika vibarua kumi akasema walikuwa wanane. Halafu akaniamuru niandike hasara yenyewe, juu kabisa, chini ya kazi ya kwanza: vishamba arobaini na nane; sita vilikanyagwa Agosti; vikaondolewa, sababu ikaandikwa siku hiyo; matokeo yakatolewa kwa arobaini na mbili.

Nilipoutazama mstari huo umekaa pale, mfupi, nilikiri moyoni kwamba ulikuwa unasema mengi kuhusu Jotham kuliko tuzo zote. Kampuni inayouza dawa haihitaji mtu ambaye mahindi yake hayakanyagwi. Inahitaji mtu atakayewaambia yamekanyagwa kabla hawajachapisha tangazo. Lakini sikusema kwa sauti. Hamdun alikuwa anasikiliza.

"Na wadhamini," akasema Jotham. "Msomi mmoja anatosha. Wa pili awe Mama Dinah. Ndiye aliyeniona kazini kila siku."

"Mama Dinah hajui Kiingereza," nikasema upesi.

"Cherop anajua Kiswahili."

"Ni mama wa shamba tu, bana. Weka baba yako. Mhubiri ana uzito."

"Baba hakuniona hata siku moja nikipasua bua. Andika Dinah."

"Labda amehama."

Jotham akageuza uso akanitazama. "Kwa nini humtaki Mama Dinah?"

"Namtaka sana," nikasema, na nikaandika.

Jumamosi soko la Chwele lilijaa kama kawaida, ndizi huku, ng'ombe kule. Cherop alikuwa amekwisha nunua magunia yake. Akaipokea karatasi mpya, akaisoma amesimama kati ya wauza kuku, kurasa zote mbili. Akaikunja akaitia mfukoni. "Twende," akasema.

Nilijaribu kubaki. Nilisema tumbo linaniuma. Jotham akanishika mkono, kwa upendo wa bakoki wa kweli, akasema dawa ya tumbo ni kutembea.

Mama Dinah tulimkuta nyumbani, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Ni mama mnene, mwenye macho madogo yasiyo na haraka. Alimpokea Jotham kama mwanawe, akatuletea viti, akampa Cherop maziwa mala. Mimi nilichagua kigoda kilicho nyuma ya nguzo.

"Mama," akaanza Cherop, "kijana huyu anasema alifanya kazi hapa."

"Alifanya? Alilala hapa. Mahindi yangu aliyajua kuliko mimi. Ukichuma bua moja la kutafuna analiuliza liko wapi."

"Na yale yaliyokanyagwa?"

Dinah akaweka ungo chini. "Siku ile ya ngoma? Karibu alie, masikini. Mimi nilimwambia, baba, si mengine yapo, hesabu ya haya utakisia tu, nani atajua. Alinikasirikia. Akaweka vitambaa vyeusi kwenye vigingi sita, akasema hivyo vimekufa, visiguswe na hesabu. Hata niliposema nivune nipike, akangoja kwanza aandike."

"Vigingi sita," akasema Cherop.

"Sita. Vile vya upande wa mto. Njoo nikuonyeshe."

Wakaenda wakaona, wakarudi. Cherop hakuwa mtu wa maneno. Alimaliza maziwa yake, akafuta mdomo, akamwambia Jotham: "Bwana Pell ameniachia mimi neno la mwisho. Jumatatu saa moja asubuhi uwe Kitale. Njoo na leseni ya pikipiki. Na hii karatasi yako nitaiweka, kwa sababu ile ya kwanza nimeitupa."

Jotham alikaa kitini. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Kampala, alikaa, akapokea kikombe, akakinywa bila kukizunguka.

Ningenyamaza hapo, mambo yangekwisha vizuri. Lakini furaha ilinipanda, na mdomo wangu haujui kukaa tupu.

Cherop alikuwa anafunga kamba ya kiatu, akauliza bila nia yoyote, "Na hao waliopita kwenye mahindi, hamkuwahi kuwajua?"

"Watu wa mbali hao," nikadakia kutoka nyuma ya nguzo. "Pengine wa Sirisia kule. Watu wasio na adabu, hawaheshimu sayansi. Mimi siku hiyo nilikuwa Bungoma kazini. Hata shamba hili, mzee, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kulitia mguu."

Mama Dinah aliinamisha kichwa ili aone vizuri nyuma ya nguzo. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayechagua mbegu.

"Ya pili," akasema.

"Mama?"

"Leo ni mara ya pili. Ya kwanza uliingilia pale kwenye ua, uko mbele na filimbi, binamu yako mdogo na njuga zake nyuma, unawaambia watu wapite katikati ya mahindi kwa sababu njia ya chini ina matope na wewe umevaa raba mpya." Akauchukua ungo wake tena. "Raba moja ilikwama mle kwenye mahindi. Ndiyo ninayozuilia mlango wa banda la kuku mpaka leo. Iko pale."

Jotham akaweka kikombe chini. Cherop aliacha kamba ya kiatu chake, akageuka, akatazama banda la kuku, halafu, polepole, akatazama ukubwa wa miguu yangu.